Kihispania: kwa nini le inageuka se ikikutana na lo au la, na jinsi ya kuipanga hatua kwa hatua

Ukijifunza Kihispania utafika tu mahali kitabu kinakwambia le ya mtu anayepewa ikikutana na lo ya kitu, "le lo" haisemwi, sema "se lo", alafu kinasonga mbele. Ukiuliza sababu, jibu la kawaida ni kwamba "le lo" inasikika vibaya masikioni. Hilo jibu halisimami, tutafika huko. Ila kabla ya hapo kuna tatizo ambalo ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili, na vitabu vingi havilitaji manake vimeandikwa kwa ajili ya watu wa lugha zingine.

Tatizo lenyewe ni hili. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendwa mmoja tu ndani yake. Unasema "kitabu nimekisoma", sawa, unasema "Ana nimempa", sawa, lakini "nimekimpa" haipo. Mtu akikuuliza "Ana umempa kitabu?" unajibu "ndio, nimempa", kitabu hukitaji na kila mtu ameelewa. Sasa Kihispania hakikubali hiyo. Wakikuuliza *¿Le diste el libro a Ana?* ukajibu *Sí, le di*, aliyekuuliza anabaki anasubiri umalizie, ulimpa nini? Jibu zima ni *Sí, se lo di*, mtu yumo na kitu kimo. Kwa hiyo kosa ambalo Mswahili analifanya sana sio hata kusema "le lo", ni kuacha "lo" kabisa. Hilo lishike kabla ya yote. (Wanaoongea Kinyarwanda wana nafuu hapa, wao wanasema "narakimuhaye", ki ya kitabu na mu ya mtu zote ndani, ila kwao kitu kinatangulia mtu anafuata, na Kihispania kinataka kinyume chake.)

Hatua ya kwanza: jua nani mtu anayepokea na kipi ni kitu

Waliosoma sarufi sekondari Kenya watakumbuka shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, Tanzania tulisoma yambwa tendwa na yambwa tendewa. Ni hiyohiyo. Kitu kinachotendwa kinachukua lo, la, los, las. Anayetendewa anachukua le, na wakiwa wengi les.

Shida ni kwamba Kiswahili kinatumia m ileile kwa wote wawili. "Nimemwona" na "nimempa", m haijabadilika, lakini Kihispania ni *lo vi* (nimemwona, mwanaume) na *le di* (nimempa). Kwa hiyo ukitafsiri m moja kwa moja utakosea nusu ya sentensi zako. Cha kufanya, angalia mwisho wa kitenzi chako cha Kiswahili. Kauli ya kutendea inakuonyesha mtu wa le karibu kila mara:

*La busqué*: nimemtafuta (Ana mwenyewe, alikuwa amepotea).
*Le busqué una casa*: nimemtafutia nyumba.

Nimemwandikia barua, nimemnunulia viatu, nimemletea maji, nimempelekea pesa, zote hizo ni le. Ongeza hapo vitenzi ambavyo havina hiyo -ia lakini kuna kitu kinahama kwenda kwa mtu, hata kama ni maneno tu: kumpa, kumuonyesha, kumfundisha, kumuuliza, kumjibu. *Le pregunté*, *le respondí*, *le enseñé inglés*.

Hiki kipimo kina mipaka yake. "Nimemsaidia" ina -ia mwishoni lakini sehemu kubwa ya dunia ya Kihispania wanasema *lo ayudé*, *la ayudé*. "Nimempigia simu" inakuwa *lo llamé* au *la llamé*. "Nimemsikia" ni *lo oí*. Ukiangalia utaona hapo hakuna kitu cha pili kinachokwenda kwa huyo mtu, simu iko ndani ya kitenzi chenyewe *llamar*. Na ukiwa Hispania utasikia watu wanasema *le vi* kwa mwanaume mahali ulipotarajia *lo vi*. Hiyo wanaiita leísmo, na Akademia ya Kihispania inaikubali kwa mwanaume mmoja, kwa hiyo usishangae ukiisikia, ila we mwanafunzi baki na lo.

Hatua ya pili: kipe kitu umbo lake

Hapa Mswahili yuko nyumbani. Kitabu nimekisoma, barua nimeisoma, magazeti nimeyasoma, tumezoea kiwakilishi kinachofuata ngeli ya nomino. Kihispania kina makundi mawili tu, kiume na kike, na umoja na wingi. *El libro* ni lo, *la carta* ni la, *los libros* ni los, *las cartas* ni las. Kinachoamua ni kitu chenyewe na sio anayepokea. Unampa baba yako funguo? *La llave* ni ya kike, inabaki la, baba haingii hapo.

Upande wa mtu, le haina jinsia. Mwanaume le, mwanamke le, na *usted* (wewe wa heshima) ni le vilevile. Wakiwa wengi ni les. Za mimi, wewe na sisi ni me, te, nos, na Hispania wana os kwa "ninyi" wa kirafiki.

Hatua ya tatu: mtu mbele, kitu nyuma

Zikikutana mbili, ya mtu inatangulia. *Me lo dio*, alinipa (hicho). *Te la mando*, nakutumia (hiyo). *Nos las trajo*, alituletea (hizo). Hakuna kinachogeuka, me ni me, te ni te, nos ni nos. Jizoeshe hizi kwanza mpaka mdomo uzoee ule mpangilio, manake ukishazoea *me lo, te lo, nos lo*, ile *se lo* inaingia kwenye nafasi ileile.

Hatua ya nne: kama zote mbili zinaanza na l, ya kwanza inakuwa se

Le au les, ikifuatwa na lo, la, los au las, inakuwa se. Kinachobadilika ni ya mtu tu, ya kitu haiguswi kamwe. Na se haina wingi, kwa hiyo le na les zote zinaishia kwenye se ileile.

*Le di el libro* > *Se lo di.*
*Les di el libro* > *Se lo di.*
*Le di las llaves* > *Se las di.*

Sasa tuje kwenye kwa nini. Ile hoja ya "inasikika vibaya" jaribu kuipima. Wahispania wanasema *dile lo que quieras* (mwambie unachotaka) kila siku, ndani yake kuna "le lo" nzima na hakuna anayelalamika. Wanasema *dale la mano*, mpe mkono, hiyo nayo ni "le la". Wana neno *lelo*, mjinga, wana *paralelo*. Masikio yao hayana ugomvi wowote na sauti hizo. (Na usije ukageuza le kuwa se kwenye sentensi hizo mbili, manake lo na la za hapo sio viwakilishi vya kitu, la ni ile inayotangulia nomino *mano*, na lo ni ile ya "lo que".)

Sababu ya kweli ni historia, na ni nzuri kweli. Kilatini cha zamani "kwa yule" ilikuwa *illi* na "kile" ilikuwa *illum*. *Illi* ikisimama peke yake, karne zilivyopita ikachakaa ikawa li, alafu le. Na kwa kuwa *illi* ilikuwa moja kwa mwanaume na mwanamke, ndo maana le mpaka leo haina jinsia. Lakini *illi illum* zikitamkwa pamoja haraka haraka, ile i ya mwisho ya *illi* ikawa imebanwa kati ya l na irabu inayofuata, ikatoka kitu kama "lyelo". Hapo ndo mambo yalipoachana, manake ly kwenye Kihispania ina safari yake yenyewe tofauti na l ya kawaida.

Hiyo safari tunaijua kutoka kwenye maneno mengine. Kilatini *filium*, mtoto wa kiume, kwenye Kihispania cha zamani ikawa *fijo* na leo ni *hijo*. *Mulierem*, mwanamke, leo ni *mujer*. Yaani ly ikawa sauti iliyo kati ya j na sh, ile j laini ya Wafaransa. Na "lyelo" ikapita njia hiyohiyo ikawa *gelo*, g yake ikitamkwa kwa sauti hiyo. Ukifungua *Cantar de mio Cid*, lile shairi refu la vita la karibu mwaka 1200, utaikuta *gelo* mahali ambapo leo wangeandika *se lo*. Yaani hakukuwahi kuwa na kipindi Wahispania walisema "le lo" alafu wakachoka nayo. Kutoka Kilatini ilienda moja kwa moja kuwa *gelo*.

Lugha ndugu za Kihispania zinashuhudia. Mtaliano kwenye "nilimpa hicho" viwakilishi vyake ni *glielo*, na "mtoto wa kiume" anasema *figlio*, gl ileile. Mreno anasema *lho*, na mtoto kwake ni *filho*, lh ileile. Kila mmoja amefanya na hili neno kilekile alichofanya na neno la mtoto. Kihispania kilifanya hivyohivyo, ila baadaye kikaongeza hatua moja peke yake.

Hiyo hatua ilikuja mwishoni mwa enzi za kati. S ya Castilla, eneo la Hispania ambako Kihispania kilianzia, ilitamkwa kwa ncha ya ulimi ikiwa imenyanyuka (ukisikiliza watu wa kaskazini mwa Hispania bado wanayo, inakaribia sh), na ile sauti ya *gelo* nayo ikapoteza mtetemo wake ikawa sh kamili. Kwa hiyo *gelo* ikawa inasikika "shelo", na pembeni yake kulikuwa tayari na *se lo* nyingine, ya mtu anayejifanyia mwenyewe, yenye s inayokaribia sh. Zilikuwa zinafanana sauti na zinakaa nafasi ileile mbele ya kitenzi, watu wakaanza kuzichanganya, na *ge* ambayo haikuwa inatumika popote pengine ikamezwa na *se* iliyokuwa inatumika kila mahali. Katika karne ya 16 *se lo* ikashinda na *gelo* ikafifia. Kama ingebaki, leo ingetamkwa "khelo", kwa sababu zile sh zote za zamani baadaye zilienda kuwa kh, kama *dixo* ("disho") ilivyokuja kuwa *dijo*.

Faida ya kujua hii ni kwamba unaacha kutafuta maana ya "kujifanyia" ndani ya *se lo di*. Haimo. Hii se ni *ge* ya zamani iliyovaa herufi za mwenzake.

Hatua ya tano: ziweke mahali pake

Kitenzi kikiwa kimenyambuliwa kwa nafsi na wakati, zinakaa mbele yake na zinaandikwa peke yake: *se lo doy, se lo di, se lo he dado*. Ukisema "no", no inatangulia zote: *no se lo di*. Kitenzi kikiwa katika umbo la kutaja (*dar*), au la kuendelea (*dando*), au ukiwa unaamrisha (*da*), zinagandishwa nyuma: *dárselo, dándoselo, dáselo*. Amri ya kukataza inarudi mbele: *no se lo des*. Na ukiwa na vitenzi viwili una uhuru, *se lo voy a dar* au *voy a dárselo*, zote sawa, kisichokubalika ni kuzitenganisha, moja mbele moja nyuma.

Hiyo alama juu ya a kwenye *dáselo* isiruke, na Mswahili ana sababu ya pekee ya kuiangalia. Mkazo wetu karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho na unahama neno likirefuka: PIka, piKIa, pikiAna. Kihispania mkazo wa kitenzi unabaki ulipokuwa hata ukigandisha viwakilishi viwili nyuma. *Manda* ni MAN-da, na *mándaselas* bado ni MAN-da-se-las. Mdomo wa Kiswahili utataka kusema "mandaSElas", ile alama imewekwa kukuambia hapana.

Tufanye moja mpaka mwisho

*Carlos le manda las fotos a su abuela.* Carlos anamtumia bibi yake picha.

Kitu ni *las fotos*, picha. *Foto* inaishia na o lakini ni ya kike, manake ni kifupi cha *fotografía*, na hapa ni wingi, kwa hiyo las. Mtu ni *abuela*, bibi, anatumiwa, kauli ya kutendea hiyo, kwa hiyo le. Mtu mbele kitu nyuma: le las. Zote zinaanza na l, ya kwanza inageuka: se las. Kitenzi *manda* kimenyambuliwa, zinakaa mbele: *Carlos se las manda.*

Ukitaka jana, *Carlos se las mandó*. Ukitaka kesho, *Carlos se las va a mandar* au *Carlos va a mandárselas*. Ukimwamrisha Carlos, *mándaselas*. Ukimkataza, *no se las mandes*. Angalia se las haijaguswa popote, kinachobadilika ni kitenzi na nafasi tu.

Sasa makosa ya hapa. Wa kwanza atasema *Carlos le manda* kwa sababu Kiswahili chake kimemwambia "anamtumia" inatosha. Wa pili atasema *se la manda*, amefikiria bibi ni mmoja na ni wa kike akaweka la, kumbe la na las zinafuata picha. Wa tatu, bibi wakiwa wawili, atatafuta wingi wa se na kuandika "ses", ambayo haipo. Ukitaka kujikagua haraka baada ya kuandika, muulize kiwakilishi cha pili "we ni nani?" na jibu lazima liwe kitu kilichotajwa nyuma, kwa jinsia yake na idadi yake.

Hatua ya sita: sema se ni nani, kama haijulikani

Kwa kuwa se imemeza le na les, *se las mandó* inaweza kuwa alimtumia yeye wa kiume, wa kike, aliwatumia wao, au alikutumia wewe wa heshima. Mara nyingi mazungumzo yanaonyesha. Isipoonyesha unaongeza mwishoni: *se las mandó a ella, a él, a ellos, a usted*. Watu wanaona hapo kama mtu ametajwa mara mbili na wanaogopa ni kosa. Sio kosa, sisi wenyewe tunasema "nimempa Ana", m na Ana ni mtu mmoja na hakuna anayeona ajabu. Ukiongeza *a ella* usiifute se, ukisema *las mandó a ella* peke yake inasikika pungufu.

Kuna se nyingine mbili utakutana nazo. *Juan se lo puso* peke yake mara nyingi ni Juan alikivaa mwenyewe, lakini *Juan se lo puso al niño* ni alimvalisha mtoto. Hiyo ya kwanza ni ile se ya kujifanyia mwenyewe iliyomeza *ge*, na kinachokuamulia ni kama kuna mtu mwingine anayetendewa. Alafu kuna *se le perdió la llave*, funguo imempotea. Hapo se iko mbele ya le, na le haijageuka kwa sababu haifuatwi na lo wala la. Usiiguse.

Na ukiwa unasikiliza watu wa Meksiko na sehemu nyingine nyingi za Amerika utasikia *se los dije* wakati kilichosemwa ni kitu kimoja tu, mfano siri moja waliyoambiwa watu wengi. Kwa hesabu ya hatua ya pili ilitakiwa kuwa *se lo dije*. Kinachotokea ni kwamba se haiwezi kuonyesha kuwa walioambiwa ni wengi, basi ule wingi unatafuta pa kukaa na unaangukia kwenye lo. Huko ni jambo la kawaida hata kwa wasomi. Kwenye mtihani andika *se lo dije a ellos*, ila ukiisikia *se los dije* barabarani usimsahihishe mtu, we elewa tu kwamba ile s inahesabu watu walioambiwa na sio kilichosemwa.